Sistemu inakuja nyeupe pee halafu wananiambia niwashe JavaScript wakati imewaka!!

Zabibu_Chungu: Wadau nina hasira mpaka mikono inatetemeka. Nimetoka Ipagala asubuhi na daladala kuja steshenari huku mjini nijaze fomu ya maombi, mwisho leo saa sita usiku. Nafungua, NYEUPE. Hakuna cha inalodi wala namba ya kosa, jina la sistemu kwenye tabu lipo ila ndani hata nukta hamna. Nimerifreshi mpaka nimechoka, nikapiga dawati lao la msaada, wamenisubirisha dakika 20 na muziki, mwisho binti ananiambia "washa JavaScript kwenye brauza yako". Dada wa steshenari kaingia kwenye setingi, imeruhusiwa. Nikapiga tena, jibu lilelile, yaani kila mgonjwa anapewa Panadol tu. Na mitandao mingine mashine hiihii inafungua vizuri. Anayejua aje kabla sijarusha kibodi ya watu.

Boda_Changombe: Pole mkuu, hata yangu nyeupe tangu juzi, ilidondoka pale Jamatini, fundi anataka elfu 60 ya kioo. Hivi ni bei kweli hiyo?

Zabibu_Chungu: Kaka soma swali.

Dogo_wa_Chuo: Bonyeza Ctrl+U uone kodi ya ukurasa. Ukikuta maneno `You need to enable JavaScript to run this app.` basi skripti zimezimwa, dawati wako sahihi.

Zabibu_Chungu: Nimeyakuta kweli!! Sasa mbona setingi inasema imewaka?

Fundi_Makole: Dogo umemwonyesha mlango sahihi ukamwingiza chumba siyo. Hayo maneno yanakaa ndani ya `<noscript>` na kwenye kodi yapo muda wote, iwe zimewaka iwe zimezimwa. Cha kuangalia ni kama yanatokea kwenye ukurasa wenyewe. Skripti zikizimwa brauza inayaonyesha, zikiwaka inayaficha. Zabibu ukurasa wako hauna hata neno moja, maana yake brauza imekubali skripti ila skripti yenyewe imekufa njiani. Chini ya hayo maneno utaona kitu kama hiki

```
<div id="root"></div>
```

Hilo ni boksi tupu, fomu yote inajengwa humo na skripti, ikifa boksi linabaki tupu na ndiyo weupe wako huo. Angalizo tu, kuna sistemu waliozitengeneza hawakuweka `<noscript>` kabisa, hizo hata ukizima skripti unapata weupe huohuo. Ukitaka kuhakikisha bandika hii kwenye sehemu ya anwani:

```
data:text/html,<noscript>ZIMEZIMWA</noscript><script>document.write("ZIMEWAKA")</script>
```

Inapima setingi ya brauza nzima, kama mtu kazuia tovuti moja tu haitakwambia.

Zabibu_Chungu: Imeandika ZIMEWAKA. Nimpigie tena yule binti??

Fundi_Makole: Tulia kwanza. Bonyeza F12, nenda Console, rifreshi, nipe mstari mwekundu wa kwanza. Wa kwanza, siyo wa mwisho, wa chini mara nyingi ni makelele ya huo wa juu.

Zabibu_Chungu: `Uncaught SyntaxError: Unexpected token ?`

Fundi_Makole: Fungua `chrome://version` uniambie namba. Na Windows gani hiyo?

Zabibu_Chungu: 72. Windows 7. Dada anasema tangu mashine inunuliwe hakuna aliyewahi kuapdeti, inakula bando.

Fundi_Makole: Basi ndiyo hiyo. Watengenezaji wametumia alama ya `??` ambayo Chrome imeanza kuielewa toleo la 80, mwaka 2020. Brauza ya zamani inasoma faili, ikifika hapo inagoma, na ikigoma kusoma haiendeshi hata mstari mmoja wa faili hilo, hata ile iliyo sawa. Mitandao mingine inafunguka kwa sababu wao hawajatumia alama hiyo au wameigeuza ya kizamani. Windows 7 inaishia Chrome 109, inatosha kabisa, au weka Firefox 115 ESR. Lawama nusu ya steshenari, nusu ya sistemu, wangeweka japo sentensi moja "brauza yako imezeeka" usingepoteza nauli.

Dogo_wa_Chuo: Nimekubali mkuu. Ila mimi kwenye laptopu napata `Unexpected token '<'` na Chrome yangu mpya kabisa?

Fundi_Makole: Hiyo nyingine. Brauza imeomba faili la skripti, seva ikarudisha ukurasa wa HTML, ndiyo maana inashangaa `<` mwanzoni. Mara nyingi wamepandisha toleo jipya wakafuta mafaili ya zamani, wewe bado umeshika ukurasa wa jana. Jaribu Ctrl+Shift+R.

Dogo_wa_Chuo: Nilishafanya, inapona halafu jioni inarudi.

Zabibu_Chungu: Firefox imeingia, fomu IMEFUNGUKA. Dada kanichaji elfu mbili ya bando, nimelipa kwa hasira. Ila binti wa dawati nampigia, nataka anisomee huo mstari mwekundu kwa sauti.

Fundi_Makole: Dogo, ikirudi fungua Network, bonyeza hilo faili la `.js`, tazama kwenye Response kimerudi nini. Kabla ya hapo nitakuwa nabahatisha.