Yule dada wa chai ya kusafisha tumbo ananiambia MIMI "ongeza kikombe"?

Wakuu, nimetoka wodini sasa hivi, mikono inatetemeka kwa hasira. Yule dada mnamjua. Yule wa picha za kitambi kabla na kitambi baada, wa "una sumu zilizoganda kwenye utumbo tangu chekechea". Simtaji, akitajwa tu anapandisha bei.

Shangazi yangu ana presha, kila asubuhi anameza vidonge vya kukojoza. Akauziwa pakiti ya siku 28, kikombe kimoja kila usiku. Kilichobaki ni kumhamishia godoro chooni. Mara misuli ya miguu inakaza, mara hawezi kunyanyuka kitini, mara anasema moyo unaruka pigo. Nikamwandikia dada kwenye grupu, mbele ya wateja wake wote. Akajibu: "Hiyo ni sumu inatoka mpendwa, ongeza kikombe."

ONGEZA KIKOMBE! Mtu anashika ukuta kwenda chooni, ongeza kikombe!

Hospitali wakapima damu, potasiamu 2.4, na daktari anataka isipungue 3.5. Kafungwa mashine ya moyo, dripu inapita taratibu kwa saa nyingi, maana potasiamu ikikimbizwa mshipani nayo inaua. Nimerudi grupuni kumwambia, kumbe nimeshatolewa. Ongeza kikombe, halafu ananitoa!

Kisiki_cha_Mpingo: Mkuu pole, ila mbona nawe ulikuwa kwenye grupu la kupunguza kitambi? Tuanzie hapo.

MamaMapacha: 😂😂 Alikuwa anasubiri ofa.

Mzee wa Makorora: Msikashifu dawa za asili. Mmeangalia pakiti? Nyingi ya hizo ni sanamaki tu, na sanamaki imo kwenye hadithi. Bibi zetu Tanga wametumia, hakuna aliyelazwa. Shangazi angekunywa maji mengi yasingemkuta.

Kaunta ya Dawa: Mzee, kwa sanamaki uko sahihi, hata sisi dukani tunaiuza kwa mtu aliyekosa choo. Lakini hiyo ni ya siku chache. Bibi hakuinywa mwezi mzima, tena juu ya vidonge vya kukojoza. Vidonge vile vingi vinatoa potasiamu kwenye mkojo, sanamaki inaitoa kwenye choo, shangazi akawa anavuja kwa milango miwili. Na maji matupu hayarudishi chumvi iliyopotea.
Kuhusu kitambi, chakula kinanyonywa utumbo mdogo, sanamaki inakuja kusukuma utumbo mpana, shughuli imeshaisha. Mzani unashuka kwa sababu umemwaga maji. Ukinywa na kula kawaida, kilo zinarudi. Mleta uzi, soma nyuma ya pakiti. Kama hakuna neno sanamaki, tafuta "Senna" au "Cassia".

Mleta uzi: Nimesoma. "Cassia angustifolia", kwa maandishi ya chungu, chini kabisa pembeni ya picha ya ua. Mbele wameandika HAINA DAWA. Yaani mtu ana ua la sanamaki kwenye pakiti na anakwambia ongeza kikombe!

Mzee wa Makorora: Ua si ushahidi.

Binti_Ilala: Afadhali nyie mnakunywa. Mimi dada yangu kapelekewa kahawa nyuma! Kahawa, wakuu, kwa mpira, eti inaamsha ini. Ilikuwa haijapoa vizuri. Wiki nzima kalala kifudifudi, choo kina damu.

Kisiki_cha_Mpingo: Na sukari aliweka?

Kaunta ya Dawa: Msicheke. Hiyo ilitangazwa na Gerson, daktari wa Kijerumani, kwenye tiba yake ya saratani. Mwaka 1980 madaktari Marekani waliripoti vifo vya watu wawili waliokuwa wakijipiga hizo kahawa mfululizo, chumvi za mwili zikavurugika kama kwa huyu shangazi. Binti, damu ikiendelea arudishwe hospitali, ukuta wa utumbo ukiungua unaweza kutoboka.

MamaMapacha: Mimi yangu ni beseni la umeme la miguu. Unatumbukiza miguu, maji yanakuwa kahawia, wanasema ni sumu. Elfu thelathini!

Fundi Redio: Ile ni kutu, mama. Vyuma viwili, maji ya chumvi na umeme. Washa beseni bila miguu uone, linabadilika vilevile.

MamaMapacha: Nimeambiwa nina sumu za ini na nyongo. Kahawia ini, kijani nyongo. Mume wangu alitoka kahawia tupu!

Mleta uzi: Jamani, shangazi yangu...

Fundi Redio: Beseni lenyewe unalo? Nahitaji ile transfoma.

MamaMapacha: Njoo inboksi, ila hailetwi bei ya bure.