Tupeane uzoefu: tinti na rangi za mdomo kwa wenye lipsi nyeusi, rangi itoke kama ilivyo kwenye kichupa

Nasra_K
Wapendwa, uzi huu ni wa kazi. Tuchukue mfano mmoja tuumalize. Mdomo wa juu ni kahawia iliyokolea yenye zambarau ndani yake. Wa chini una kingo nyeusi na katikati kuna sehemu nyepesi ya pinki. Mtu ananunua tinti ya maji, rangi ya chungwa iliyochanganyika na waridi. Kwenye kichupa inawaka. Akipaka, juu inatoka kahawia isiyoeleweka, chini katikati inawaka chungwa, na kingo hazina habari. Tatizo ni rangi, ni upakaji, au ni aina ya tinti yenyewe? Mwenye ujuzi aeleze hatua kwa hatua. Za "jiamini tu dada" tuziache kwingine.

Bi Hafsa Mpambaji
Hapo yapo yote matatu, ila la aina ya tinti ndilo kubwa.

Tinti ya maji haifuniki, inajumlisha. Mwanga unapita kwenye rangi, unafika kwenye ngozi ya mdomo, ndipo unarudi machoni. Mdomo ukiwa na melanini nyingi, mwanga mwingi unamezwa huko huko. Kwa hiyo tinti ya aina hiyo haiwezi kukupa rangi nyepesi kuliko mdomo wenyewe, hata upake tabaka sita. Utapata tabaka sita za kahawia. Chungwa-waridi ni nyepesi kuliko huo mdomo wa juu, ndiyo maana ilipotea. Chini katikati ilionekana kwa sababu pale ngozi ni nyepesi.

Zinazotoka vizuri kwa tinti ya maji ni zile zilizokolea kufikia mdomo au kuupita: zambarau ya beri, damu ya mzee, nyekundu nzito, pinki kali ya fushia. Ukitaka chungwa-waridi ionekane chungwa-waridi, toka kwenye tinti ya maji. Tafuta ile ya krimu inayokauka kama mahameli, au lipstiki yenye rangi nzito isiyopitisha mwanga.

Mrembo_wa_Saa_Nne
Naongezea. Kwanza jua andatoni yako, ile rangi iliyojificha ndani ya ngozi. Angalia mishipa ya mkononi: ikiwa kijani, wewe ni wa joto, chukua za chungwa na matofali. Ikiwa ya bluu, wewe ni wa baridi, chukua za beri. Pia soma kiboksi. Ukiona CI 77891 ujue rangi hiyo inafunika, maana hiyo ndiyo dioksidi ya titani, ile nyeupe. Ukikuta haipo, achana nayo.

Bi Hafsa Mpambaji
Mrembo, nusu yake nakubali, nusu nairudisha.

Mishipa inakuambia habari za ngozi ya mkono, tena kwa mtu mweusi sana mara nyingi huioni vizuri. Mdomo una andatoni yake, na si lazima ifanane na ya uso. Uso unaweza kuwa na manjano ya dhahabu huku mdomo una zambarau. Uso unakusaidia kujua rangi gani itakupendeza. Rangi itakavyotoka inaamuliwa na mdomo.

Namna ya kuusoma: futa mdomo kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu hadi usiwe na mafuta, subiri dakika chache wekundu wa kusugua upoe, kisha simama karibu na dirisha mchana ukiwa na karatasi nyeupe chini ya kidevu. Taa ya njano inadanganya. Kamera ya simu nayo inajirekebishia rangi yenyewe, usiiamini. Utaona mdomo unaelekea wapi: zambarau, kahawia ya chokoleti, au kijivu.

Kuhusu CI 77891, ni kweli inafunika. Lakini angalia kama orodha ya rangi ina alama ya +/- mbele yake. Hapo mtengenezaji ameandika rangi zote za familia nzima ya bidhaa, na ile uliyoshika inaweza isiwe nayo kabisa. Halafu hiyo nyeupe ndiyo inayoleta mdomo wa majivu. Nyeupe nyingi juu ya zambarau, bila wekundu au chungwa wa kutosha, inatoka kijivu. Ndiyo maana lipstiki nyingi zinazoitwa "rangi ya ngozi" zinamfanya mtu mwenye mdomo mweusi aonekane mgonjwa.

Kaka_Salim
Samahani kuingilia, mke wangu naye ana mdomo mweusi. Anasugua limau na sukari kila usiku ili ung'ae. Ni kwa muda gani utakuwa mwekundu?

Nasra_K
Kaka, hatuung'arishi mdomo hapa, tunaupaka rangi. 😄

Mama Pili
Lakini tumjibu, maana wengi wanafanya. Kaka Salim, mwambie shemeji aache. Limau inachoma, sukari inakwaruza, na ngozi nyeusi ikichomwa mara kwa mara inajibu kwa kuweka weusi zaidi. Tena mdomo uliochubuka unanyonya tinti vibaya: kila penye gamba rangi inakaza na kuwa doa. Kuondoa magamba inatosha kupaka mafuta mazito ya mdomo, kuacha robo saa, kisha kufuta taratibu kwa kitambaa kilicholowa.

Na muyafute kweli. Tinti ya maji juu ya mafuta inakimbia, inakaa vipande vipande.

Nasra_K
Sasa turudi kwenye andatoni. Bi Hafsa, ukishajua mdomo una zambarau, unafanyaje dukani?

Bi Hafsa Mpambaji
Chukulia kwamba mdomo utaivuta tinti upande wake. Ukitaka nyekundu ya kawaida kwenye mdomo wa zambarau, usichukue nyekundu ya kawaida, itageuka beri. Chukua nyekundu inayoelekea chungwa, na iwe kali kuliko unavyotaka. Mdomo unaitoa ule uchungwa, unabaki na nyekundu. Kwenye mdomo wa kahawia ya chokoleti ni kinyume chake: nyekundu inashuka kuwa matofali, kwa hiyo ukitaka ibaki nyekundu chukua yenye ubluu kidogo. Ila ukipenda matofali, mdomo huo umeshakufanyia kazi. Wa kijivu ndio mgumu zaidi. Mimi huupa maruni au nyekundu nzito na kuachana na pinki zote za maziwa.

Usijaribu mgongoni mwa mkono, pale ngozi haifanani na mdomo. Kama duka lina vijiti vya kutupa, jaribu pembeni mwa mdomo wa juu, ndiko kweusi zaidi. Vikikosekana, usiguse mdomo na kijaribio walichotumia wengine. Paka kwenye ncha ya kidole, kisogeze karibu na mdomo pale mlangoni penye mwanga. Kidole kitakupa mwelekeo wa rangi, si ukali wake.

Mrembo_wa_Saa_Nne
Sawa, nimekubali. Ila kwenye mfano wa Nasra, si apake tu konsila mdomo mzima, mdomo uwe sawa, kisha tinti juu?

Mama Pili
Hapo ndipo wengi wanapokwama. Konsila ina mafuta na nta, tinti ya maji ikikutana nayo inajikusanya vitone. Na konsila ya rangi ya uso juu ya zambarau inaleta yale majivu aliyosema Bi Hafsa.

Mimi ningegawa njia mbili.

Njia ya kwanza, ubaki na tinti ya maji lakini ubadilishe rangi. Chukua nyekundu ya chungwa iliyokolea. Usihangaike kuung'arisha mdomo wa juu, ushushe ule wa chini umfuate mwenzake. Anza na ile pinki ya katikati peke yake: gusa tone moja dogo, tandaza kwa kidole haraka kabla halijashika, maana tinti ya maji inashika ndani ya sekunde chache na ukichelewa mstari unabaki. Subiri dakika moja. Kisha paka mdomo wote, juu na chini, tabaka jembamba. Subiri tena, bana tishu katikati ya midomo, angalia dirishani. Katikati pakiwa bado pepesi, ongeza hapo tu. Kingo za chini pitisha penseli ya mdomo ya kahawia-nyekundu, halafu ivute kwa ndani kwa kidole usione ulipoishia.

Njia ya pili, kwa anayeng'ang'ania chungwa-waridi. Konsila ya rangi ya chungwa, si ya rangi ya ngozi, kiasi cha punje ya mchele au pungufu, kwenye mdomo wa juu na kingo za chini tu. Igongegonge kwa kidole, usiiburute. Iwe nyembamba kiasi kwamba weusi bado unaonekana kidogo, ila ule uzambarau umezimika. Bana tishu. Juu yake lipstiki ya krimu isiyopitisha mwanga, tabaka mbili nyembamba. Ukiona rangi imekuwa ya karoti, konsila ilizidi, na hapo ni kufuta na kuanza upya. Kuongeza lipstiki juu hakutasaidia.

Shosti_Wima
Mimi tinti yangu naipaka ikiwa chungwa, baada ya saa mbili imekuwa fushia. Mdomo wangu una zambarau. Ndiyo andatoni hiyo?

Bi Hafsa Mpambaji
Hapana, shoga, hiyo ni tinti yenyewe. Tafuta CI 45410 au CI 45380 kwenye kiboksi. Hizo ni rangi zinazoingia kwenye ngozi ya juu ya mdomo na kuacha doa la pinki. Rangi ya chungwa iliyokaa juu inaondoka na chakula na mate, doa linabaki. Ukitaka kujua kabla ya kutoka, paka, subiri dakika kumi, futa kwa tishu yenye mafuta. Kinachobaki ndicho utakachoshinda nacho mchana.

Shosti_Wima
Ipo 45410. Na ikifika jioni mdomo unawasha, pembeni umezidi weusi.

Mama Pili
Basi iache leo, usingoje iishe. Mwasho unaojirudia kwa bidhaa hiyo hiyo unaweza kuwa mzio, na mzio wa mdomo unaweza kuacha weusi. Si lazima iwe rangi, hata manukato yanaweza. Weka kiboksi, umpelekee daktari wa ngozi ausome. Na ukiwa na doa moja jeusi linalobadilika umbo au kukua, usilipakie chochote, lionyeshe.

Mrembo_wa_Saa_Nne
Na zile za jeli, unapaka, inakauka, unaibandua? Nimesikia ndizo bora kwa lipsi za rangi mbili.

Mama Pili
Bora kwa kudumu, si kwa kusawazisha. Zinatia doa sawa kila mahali, kwa hiyo penye tofauti patabaki na tofauti.

Bi Hafsa Mpambaji
Hapo tunatofautiana kidogo, Mama Pili. Ukiipaka ile sehemu ya pinki peke yake, ukaibandua, ndipo ukapaka mdomo wote, inasawazisha vizuri kuliko tinti ya maji kwa sababu haikimbii unapoiweka.

Mama Pili
Kwenye mpaka wa hiyo sehemu huachi mstari?

Bi Hafsa Mpambaji
Unaachwa kama jeli ina unene ule ule hadi ukingoni. Ipunguze kwa kijiti kilicholowa kabla haijakauka. Hata hivyo kwa wenye mdomo mkavu mstari bado hutokea, na dawa yake sijaipata zaidi ya penseli.

Nasra_K
Mwenye kuijua dawa ya huo mstari aiweke hapa. Na atakayejaribu njia ya kwanza ya Mama Pili atuambie mdomo wake unaelekea wapi kabla ya kutuambia jina la rangi.