Naombeni ushauri: glukagoni ilichelewa kumzindua mama

Assalamu alaikum ndugu zangu. Mama yangu hudunga insulini. Juzi alfajiri, hapa Likoni, nilimkuta amezimia, jasho limemlowesha, kipimo cha sukari ya damu kinasoma 1.8, imeshuka mno. Sikumtia chochote mdomoni, angepaliwa.

Nilifungua kisanduku cha glukagoni, ile sindano ya dharura ya kupandisha sukari. Nilisukuma maji yote ya kwenye bomba ndani ya kichupa cha unga, nikakizungusha polepole mpaka dawa ikawa safi kama maji. Nikaivuta yote, miligramu 1, nikatoa hewa, nikamdunga wima kwenye paja, upande wa nje. Kisha nikamlaza ubavu, goti la juu limekunjwa, kichwa kimeinamishwa nyuma kidogo ili njia ya hewa iwe wazi. Namshukuru Mungu, kwani alitapika na matapishi yakatoka nje.

Niliambiwa angeamka ndani ya dakika 15. Alifumbua macho baada ya 25, ndipo nikampa chai ya sukari, halafu mkate. Usiku ule alikuwa hajala kitu. Nesi alinieleza kuwa glukagoni huliamuru ini litoe sukari iliyowekwa akiba, kwa hiyo mwenye njaa ndefu hupata kidogo.

Nawaomba mnaouguza wagonjwa kama huyu: mkishadunga, mnaita gari mara moja au mnasubiri zile dakika 15? Kwetu kuna kivuko cha feri, nahofia kuchelewa kufika hospitali akatiwe glukosi mshipani. Na kisanduku kinasema isizidi digrii 25. Kwa joto letu, nyinyi mnaihifadhi wapi?