Wauza leso mtandaoni, "IMG-20230411-WA0023" ndilo jina gani la leso?

BintiKisauni
Nimenyamaza vya kutosha. Mimi sioni, simu yangu naitumia kwa TalkBack, inanisomea kila ninachogusa. Mwezi jana nilitaka leso ya kumpelekea mama mkwe, nikaingia tovuti ya duka moja la hapa Mombasa. Silitaji, wenyewe wanajijua. Nagusa picha ya kwanza: "IMG-20230411-WA0023". Ya pili: "IMG-20230411-WA0024". Ya tatu ndiyo kichekesho: "leso Mombasa leso bei nafuu kanga leso nzuri leso za jumla leso". Kuanzia hapo karibu zote wimbo ni huo huo. Chini ya picha wameandika "Mzigo mpya, rangi moto moto".

Nikaagiza kwa kubahatisha. Leso ikaja, nikampa mama mkwe mbele ya mawifi. Kimya. Kisha wifi mdogo akasoma kwa sauti: HASIDI HANA SABABU.

Nani sasa atamwambia kuwa sikumpiga fumbo? Hadi leo salamu yangu anaijibu nusu nusu. Mwenye macho hanunui leso kabla ya kusoma jina. Mimi mmenificha jina na pesa mmechukua!

Machano_Dijitali
Pole dada, lakini hayo maneno ya picha yanayosomwa na simu, yaani alt, ni ya Google. Tunaweka maneno yanayotafutwa ili duka lionekane. Wateja wangu nawawekea hata maneno 15 kwa picha.

FundiTovuti
Machano, umepata nusu. Google anaisoma alt, ni kweli, lakini wao wenyewe wameonya kuwa kurundika maneno namna hiyo kunaweza kuufanya ukurasa uonekane taka. Halafu jiulize mtu wa Mombasa anatafuta nini. Hatafuti "leso nzuri", anatafuta jina. Na jina limechapwa kwenye kitambaa, kwa hiyo kwenye picha ni rangi tu, si maandishi. Kisanduku cha kutafutia cha duka hakilioni. Google anaweza kujaribu kusoma maandishi ndani ya picha, lakini leso ikipigwa picha imekunjwa, atasoma nini?

Ya dada ingeandikwa hivi:

```html
<img src="leso-hasidi-hana-sababu.jpg"
 alt="HASIDI HANA SABABU. Leso nyekundu, mji
 wa nanasi la manjano, pindo jeusi la korosho">
```

Jina nimelitanguliza makusudi. Anayesikiliza picha ishirini huruka mara tu akishasikia zinapotofautiana. Ukianza na "leso nzuri ya Mombasa" umempotezea muda. Usianze na "picha ya" pia, simu inasema yenyewe kuwa ni picha. Bei, na kwamba ni jozi, viweke chini ya picha ambapo kila mtu anaviona, na jina ulirudie hapo, kwa kuwa hata mwenye macho halisomi kwenye picha ndogo. Picha ya pili ya leso ile ile isirudie maneno, iseme kipya tu: "Pindo kwa karibu, korosho nyeupe".

MzeeLikoni
Mimi naona vizuri, ila mtandao ukiwa dhaifu picha hazifunguki, nabaki na kijisanduku chenye maneno. Ndiyo hiyo alt? Na je, nikiuza pikipiki naweka namba ya simu humo?

FundiTovuti
Ndiyo hiyo, mzee. Namba ya simu weka kwenye tangazo, watu waione.

MamaLeso
Mnasema tu. Nina miundo zaidi ya mia mbili na kila mzigo unakuja na mipya. Nani atakaa kuandika? Na asiyeona rangi anataka za nini?

BintiKisauni
Mama, rangi ni za wanaonitazama. Nikienda arusini sare ni kijani, nivae nyekundu? Jina unaliita dukani kila siku, kuliandika ndiyo kazi?

Kipofu_wa_Kongowea
Mimi nimezaliwa hivi. Jina na rangi kuu vinanitosha, hayo mananasi na korosho yananichosha.

BintiKisauni
Kwako. Mimi nilikuwa naona hadi miaka 19, mji wa leso naukumbuka na nautaka.

Machano_Dijitali
Basi nifute alt zote nianze upya?

FundiTovuti
Usifute, badilisha. Ukiiondoa alt kabisa, simu inaweza kurudia kusoma jina la faili. Ya kuachwa tupu, `alt=""`, ni ile picha ndogo iliyo ndani ya kiungo kimoja na jina la leso lililoandikwa, la sivyo jina litasomwa mara mbili. Kisha washa TalkBack kwenye simu yako, fumba macho, jaribu kununua.

BintiKisauni
Nimerudi kule leo. Picha ya kwanza sasa inasema: "WEMA HAUOZI. Leso ya kijani, pindo jeupe". Ya pili na ya tatu pia zina majina. Ya nne: "IMG-20230411-WA0026".