Usaili ni kesho saa 3:00 asubuhi Dodoma: nithibitishe nini leo, na kwa njia gani?

Mkaazi wa Kihonda: Wakuu, habari za asubuhi. Nimeitwa kwenye usaili wa nafasi ya mhasibu msaidizi katika shirika moja lisilo la kiserikali. Ujumbe wa simu unasema nifike "ofisini kwetu Dodoma" kesho Alhamisi saa 3:00 asubuhi nikiwa na vyeti halisi, basi. Nimeona kwamba shirika lina ofisi mjini na nyingine upande wa Mtumba, nami natoka Morogoro. Isitoshe, cheti changu cha kidato cha nne kina majina mawili, ilhali kitambulisho cha NIDA kina matatu. Je, ni sahihi kuwapigia kuuliza, na naweza kuuliza ni akina nani watakaonisaili?

Mzee wa Masijala: Usipige simu, kijana. Tangazo la kuitwa kwenye usaili hujitosheleza: mahali, muda, vyeti na hata vitambulisho vinavyokubalika vimeandikwa. Kazi yako ni kuingia kwenye akaunti yako, kunakili namba ya mtihani kwa sababu haitolewi siku ya usaili, na kufika mapema. Wasaili hawatajwi, na anayewaulizia hutiliwa shaka.

Dada wa Rasilimaliwatu: Mzee wangu, shikamoo. Hayo ni kweli kabisa kwa usaili wa Sekretarieti ya Ajira, lakini huyu ameitwa na mwajiri binafsi kwa ujumbe wa mistari miwili, wala hana tangazo la kurejea. Mimi hupanga usaili wa namna hii kazini kwangu, na anayethibitisha siku moja kabla hunipunguzia kazi, kwa kuwa hunisaidia kujua ni nani atakayekuja.

Ndugu, kwanza tafuta namba ya ofisi kwenye tovuti au tangazo la awali la kazi uilinganishe na ile iliyokutumia ujumbe. Zikitofautiana, piga ile ya ofisi, na yeyote atakayekutaka utume fedha "ya kuandaliwa usaili" achana naye. Kisha andika barua pepe kabla ya saa 6:00 mchana, ili muhusika apate muda wa kujibu kabla hajafunga ofisi, halafu piga simu fupi iwapo hadi saa 8:00 hujajibiwa. Mimi ningeandika hivi:

"Habari za asubuhi. Ninathibitisha kwamba nitahudhuria usaili wa nafasi ya Mhasibu Msaidizi kesho Alhamisi, saa 3:00 asubuhi. Naomba kufahamishwa kama utafanyika ofisi ya mjini au ya Mtumba, kama nakala za vyeti zinahitajika pamoja na vyeti halisi, na kama kutakuwa na jaribio la kuandika au la kompyuta. Ahsante."

Kuhusu wasaili, usidai majina. Uliza jopo litatoka idara zipi. Ukiambiwa mhasibu mkuu atakuwepo, jiandae kuulizwa usuluhisho wa taarifa ya benki na daftari la fedha kwa mfano halisi, kwa maana ofisa utumishi peke yake mara nyingi haendi mbali hivyo.

Mama Junior: Mimi nilirudishwa mlangoni kwa sababu ya hati ya matokeo. Nilikuwa na "statement of results" tu, cheti chenyewe kikiwa bado chuoni, na ilikuwa nafasi ya serikali. Je, nauli hurejeshwa mtu akirudishwa namna hiyo?

Dada wa Rasilimaliwatu: Hairejeshwi, dada, kwa usaili wa serikali, msailiwa hujigharimia usafiri, chakula na malazi. Huko hati ya matokeo haipokelewi badala ya cheti. Mashirika binafsi hutofautiana, ndiyo maana asiye na cheti huuliza leo kabla hajapanda basi.

Mzee wa Masijala: Nakubali, niliichukulia kuwa ya serikali. Ila kwenye majina, serikalini tofauti hudai hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, yaani "deed poll".

Dada wa Rasilimaliwatu: Kwa aliyebadili jina, ndiyo. Huyu jina la kati halipo tu kwenye cheti, kwa hiyo kwa mwajiri binafsi mimi ningepokea kiapo kilichoapwa mbele ya wakili kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Wengine hawapokei, kwa hiyo ongeza swali hilo kwenye ujumbe.

Mkaazi wa Kihonda: Nimejibiwa. Usaili ni Mtumba, nakala seti mbili, na kuna jaribio la kompyuta la nusu saa kabla ya mahojiano. Jopo lina watu watatu, mmoja wa fedha na mmoja wa mradi. Wa tatu hawakumtaja. Kuhusu kiapo wameniambia nije nacho "tutaangalia", kwa hiyo naenda kwa wakili sasa hivi. Nitasafiri jioni hii nilale Dodoma, kwa kuwa basi la alfajiri likichelewa nitashukia Nanenane na bado nitakuwa na safari ya kwenda Mtumba.

Mzee wa Masijala: Mwambie wakili aandike majina kama yalivyo kwenye cheti na kwenye NIDA, herufi kwa herufi, na usome kabla ya kusaini.