Gumzo la kikundi: Viazi vya kijani vya Shangazi Rehema

Shangazi Rehema: Jamani, hamjambo humu. Nina ndoo ya viazi mbatata, nilivipata kwa bei nzuri wiki iliyopita. Leo nafungua nimenye, naona vingine vimekuwa kijani, vingine vimeota. Wajukuu wanakuja kesho na wameshaagiza chipsi. Nimenye tu nikate pale palipoharibika, au nitupe?

Shangazi Rehema: [picha]

Shangazi Rehema: [picha]

Ba mdogo Kassim: Dada, usitupe chakula. Menya, kata hayo macho, loweka kwenye maji ya chumvi nusu saa. Halafu mafuta yakichemka vizuri hakuna sumu inayobaki. Sisi tumekula hivyo miaka yote.

Juma: Mzee, na kwenye banda langu nifanyeje? Juzi mteja kalalamika chipsi chungu. Nikadhani ni mafuta ya zamani.

Bibi (simu ya Saida): Bibi anasema viazi vikiota ndiyo vitamu zaidi, yeye anavichemsha na nazi. 😂

Saida: Bibi anazungumzia viazi vitamu, msimchukulie vibaya

Neema: Shikamoo Shangazi, shikamoo Ba mdogo. Bibi yuko sawa kwa viazi vyake. Kiazi kitamu ni mmea wa ukoo mwingine kabisa, kikiota hakina shida hii tunayoizungumzia. Mbatata ni ndugu wa nyanya na bilinganya, na hiyo familia ina tabia zake.

Shangazi, ile rangi ya kijani yenyewe haikudhuru. Ni ileile ya majani ya mchicha. Inakuambia tu kwamba kiazi kilikaa kwenye mwanga, na mwanga huohuo ndio unaokifanya kitengeneze sumu, solanini na mwenzake chakonini. Hivi viwili ndivyo vinavyoumiza tumbo.

Ba mdogo Kassim: Ndiyo nasema, moto unamaliza.

Neema: Moto wa jikoni haumalizi, Ba mdogo. Solanini inavumilia joto kuliko tunavyodhani. Ukichemsha, maji hayafiki zaidi ya digrii 100, na hapo sehemu kubwa inaweza kubaki. Mafuta ya chipsi yakiwa digrii 150 hivi, tofauti ni ndogo mno. Inaanza kupungua ukivuka 170, na hata 210 haiishi yote. Ukifika huko chipsi zako zimeshakuwa mkaa. Maji ya chumvi nayo hayana kazi kubwa, sumu hii haiyeyuki kirahisi kwenye maji.

Ba mdogo Kassim: Hmm.

Mwana (Nairobi): Huku waru, yaani mbatata, zetu nyingi ni aina ya Shangi. Ukinunua, baada ya wiki chache tu zimeota zote, hata ukiziweka gizani. Kwa hiyo nisile kabisa?

Neema: Mwana, Shangi ina usingizi mfupi, inaamka mapema. Ikiota gizani, ikiwa bado ngumu na haijawa kijani, inaliwa. Chipukizi lenyewe ndilo lenye sumu nyingi kuliko sehemu yoyote ya kiazi, na sehemu ndogo ya jicho linapotokea. Kwa hiyo usivunje chipukizi kwa kidole ukaacha shina lake. Chomeka ncha ya kisu kando ya jicho, zungusha, toa kipande chenye umbo la koni kama upana wa kidole gumba. Halafu umenye kiazi chote.

Ila kikishanyauka, kimekuwa laini na chipukizi zimeshakuwa ndefu, achana nacho.

Shangazi Rehema: Na hivi vya kijani vyangu?

Neema: Hapo ndipo swali lako lilipo. Sumu nyingi imekaa kwenye ganda na milimita moja au mbili chini yake. Kumenya kwa kile kifaa chembamba kunatoa ganda tu, hiyo tabaka inabaki. Tumia kisu, ondoa kama milimita 3, mpaka nyama ya kiazi iwe nyeupe au ya njano bila kivuli cha kijani. Kisha kikate katikati. Ukiona kijani kimeingia ndani zaidi, usiendelee kuchonga, tupa.

Kwa picha yako ya kwanza, vile viwili vya kushoto vina doa dogo upande mmoja, vinafaa. Vile vya chini vimekuwa kijani kuzunguka mwili mzima, na ni vidogo. Hivyo vidogo ndivyo vibaya zaidi, kwa sababu ganda ni sehemu kubwa ya kiazi. Ukimenya vizuri unabaki na kijipande cha kusikitisha.

Juma: Neema, kumenya kunatoa kiasi gani? Asilimia ngapi? Mimi nanunua gunia, siwezi kutupa kila kinachoonyesha kijani.

Neema: Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilikusanya tafiti mwaka 2020. Kumenya kunapunguza kati ya robo na robo tatu. Tofauti ni kubwa kwa sababu inategemea aina ya kiazi na unavyomenya.

Tufanye hesabu kwa mtoto, maana wajukuu wa Shangazi ndio wanaokula. Kiazi cha kawaida kizima kina kama miligramu 75 za sumu hii kwa kilo. Wataalamu wengi wanasema kisivuke 200. Chukua kiazi kilichofika hiyo 200. Mtoto wa kilo 15 akila gramu 300, sahani kubwa, anaingiza miligramu 60. Hiyo ni 4 kwa kila kilo ya mwili wake. Wazungu hao walisema dalili za tumbo zinaweza kuonekana kuanzia 1 kwa kilo ya mwili.

Ukimenya vibaya ukaondoa robo tu, amebaki na 3. Ukimenya vizuri ukaondoa robo tatu, amefika 1 kamili. Yaani kumenya kunakusaidia sana, lakini kwa kiazi kibaya kunakufikisha kwenye mpaka tu, hakukuvushi.

Juma: Na kiazi cha kawaida?

Neema: Hicho 75, mtoto huyohuyo, sahani hiyohiyo. Bila kumenya ni 1.5. Ukimenya ukaondoa nusu, unashuka chini ya 1. Ndiyo maana watu wanakula chipsi kila siku bila kitu.

Ba mdogo Kassim: Kwa hesabu hizo wote tungeshakwisha. Mimi nina kilo 82.

Neema: 😂 Ndiyo kinga yako, Ba mdogo. Gramu zilezile 300 za kiazi cha 200, bila hata kumenya, kwako ni chini ya 1. Wewe ungepona, mjukuu angetapika.

Saida: Dalili zinaanza lini? Isije ikawa mtu anaumwa tumbo tunamsingizia kiazi.

Neema: Kichefuchefu, kutapika, kuharisha, tumbo kusokota, kichwa. Mara nyingi ni saa kadhaa baadaye, sio papo hapo, ndiyo maana watu hawaunganishi na chakula. Kuna kisa cha shule moja kusini mwa London, ripoti yake ilitoka mwaka 1979. Wavulana 78 waliugua, 17 wakalazwa. Viazi vilikuwa vimebaki tangu muhula uliopita. Wote walipona. Mtu akichanganyikiwa, akilegea sana au kutapika kusikoisha, msisubiri, aende hospitali.

Juma: Sasa mteja wangu alisema chungu. Ni kiazi au mafuta?

Neema: Siwezi kukuhukumia kutoka huku. Lakini uchungu wa solanini una tabia yake: unabaki nyuma ya ulimi na kuwasha koo, wengine wanasema kama pilipili isiyo na harufu. Mafuta ya zamani yana harufu yake. Fanya hivi: chemsha kipande kimoja cha gunia hilo bila chumvi, gusa kwenye ulimi. Kikiwasha, tema, na usiuze gunia hilo. Ila kutowasha hakumaanishi salama kabisa, kuna watu hawahisi uchungu mapema.

Juma: Gunia zima?

Mwana (Nairobi): Muuzaji wako analiweka wapi?

Juma: Nje. Nyavu. Juani siku nzima, anasema wateja wapate kuona mali 🤦🏾‍♂️

Neema: Hilo ndilo tatizo lako, Juma. Kwa siku chache tu jua linafanya kazi. Hata taa ya dukani inatosha, polepole. Waambie wakufunikie kwa turubai au wakupe kwenye gunia la mkonge au la salfeti lisilopitisha mwanga. Na vilivyogongwa au kukatwa jembeni, vinapandisha sumu hata bila kuwa kijani, kwa hiyo rangi pekee haikutoshi. Kwenye viazi vyekundu hata kijani hukioni vizuri, kwaruza ganda kwa ukucha uangalie chini.

Ba mdogo Kassim: Ukiviweka kwenye friji si vinakaa?

Juma: Hapana mzee, vikitoka friji chipsi zinakuwa kahawia kabla hazijaiva. Nimeona.

Neema: Baridi kali inageuza wanga kuwa sukari. Sehemu yenye ubaridi wa kawaida na giza inatosha. Kwa Dar ni shida, lakini chini ya kitanda ni bora kuliko dirishani.

Shangazi Rehema: Vyangu vilikuwa veranda 🙈 Kwa hiyo nimegawa makundi. Vyenye doa dogo 11, hivyo namenya kwa kisu. Vilivyoota lakini vigumu 6. Vya kijani mwili mzima 9. Maganda niwape mbuzi wa jirani?

Neema: Maganda ya kijani na machipukizi, usimpe mbuzi. Wanyama wanaugua vilevile. Yafukie.

Ba mdogo Kassim: Vile 9 vipandwe. Kiazi kikiota kinapandwa, hilo hamwezi kubisha.

Mwana (Nairobi): Dar na joto hilo, atavuna majani tu

Ba mdogo Kassim: Nitavichukua mimi nivipeleke Lushoto kwa shemeji.

Neema: Huko sawa. Ila mbegu za sokoni zinabeba mnyauko wa bakteria, shemeji avipande kando, sio katikati ya shamba lake la biashara. Na msisahau kuvitenga na vya kula njiani.

Shangazi Rehema: Haya. Wajukuu watakula chipsi zenye doa dogo tu, na hazitatosha. Kassim, njoo na mihogo kesho.

Ba mdogo Kassim: Mihogo nayo ina sumu yake, dada 😄

Shangazi Rehema: Neema usianze!!