Tarumbeta inapasua maiki: niiweke wapi?

KijanaWaLangoni: Wadau, nisaidieni. Nimemrekodi ami yangu akipiga tarumbeta ya harusi, kwenye nyumba ya mawe hapa Lamu. Maiki ni ya kondensa, nimeielekeza moja kwa moja kwenye mdomo mpana wa tarumbeta, umbali wa shubiri moja. Noti za juu zinakwaruza masikio. Nimeshusha sauti kwenye kompyuta, bado.

DjMkomani: Weka soksi nene juu ya maiki. Mimi hufanya hivyo na mambo huwa sawa.

FundiSauti: Soksi itazuia pumzi na upepo, lakini haitazuia kishindo cha shaba. Kwanza likuze wimbi kwenye skrini. Kama vichwa vyake ni bapa kama vimekatwa kwa kisu, sauti imeharibika kabla ya kufika kompyuta, na kushusha huko hakurudishi kitu. Shusha geini ya kuingilia. Mwambie ami apige sehemu kali kuliko zote ya wimbo wenyewe, si noti ya majaribio, kwa sababu wimbo ukimkolea atapuliza zaidi. Kilele cha sauti kikae karibu na desibeli -12. Geini ikiwa chini kabisa na bado inakata, tafuta swichi ya kupunguza kwenye maiki.

KijanaWaLangoni: Ahsante. Vichwa sasa ni vya mviringo, lakini bado inachoma.

FundiSauti: Hiyo sasa ni mahali pa maiki. Katika tarumbeta sauti nyembamba hutoka mbele kama mwanga wa tochi, zile nzito husambaa pande zote. Wewe umesimama ndani ya tochi. Rudi nyuma kama mita moja, kisha isogeze maiki pembeni hadi mdomo upulize kando yake. Sogeza kidogo kidogo huku ukisikiliza kwa hedifoni.

MamaSaksi_Malindi: Na saksafoni je? Nikiweka maiki kwenye mdomo wake mpana, noti za chini kabisa zinanguruma, nyingine zinafifia.

FundiSauti: Dada, saksafoni ni tofauti. Noti nyingi hutokea kwenye matundu ya mwilini, zile za chini kabisa ndizo zinazotokea mdomoni. Elekeza maiki katikati ya vifunguo, kama nusu mita hadi mita.

Mzee_Shela: Punguzeni spika za jukwaani, huo ni mluzi wa maiki tu.

KijanaWaLangoni: Mzee shikamoo, hatuko jukwaani, tunarekodi chumbani. Fundi, nimefanya. Makali yamepungua sana, ila sasa nasikia ukuta! Chokaa inarudisha kila kitu, na punda wa jirani naye kaingia katikati ya wimbo.

FundiSauti: Ndiyo gharama ya kurudi nyuma. Egemeza godoro kwenye ukuta anaouelekea ami, kisha sogea hadi sentimita 60, pembeni vile vile. Punda sina dawa.

DjMkomani: Si bora achukue maiki ya dainamiki basi?

FundiSauti: Itapunguza makali, kweli. Mimi ningejaribu godoro kwanza.